Kumbukumbu za Programu ya Biashara Zinazoweza Kukaguliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu programu ndogo inayonunua na kuuza sarafu yenyewe kupitia akaunti ya broka. Mfano unaotumika kote ni mmoja: jozi ya EURUSD, kendo za dakika 15, yaani muhtasari wa mwendo wa bei wa kila robo saa, na kanuni isemayo kwamba wastani wa kendo 20 za mwisho ukivuka kwenda juu ya wastani wa kendo 50, programu inunue yuro 10,000. Kanuni yenyewe si hoja hapa, na huenda hata haina faida. Hoja ni namna ya kuandika kumbukumbu ili mtu asiyekuwepo aweze, miezi sita baadaye, kueleza kwa nini oda fulani ilitumwa na kwa nini nyingine haikutumwa.

Programu yangu tayari inaandika kila kitu kwenye faili. Kwa nini hiyo haitoshi?

Kwa sababu kwa kawaida inaandika sentensi, na sentensi humwambia msomaji kile ambacho mwandishi wa programu alidhani kitatokea. Kumbukumbu zangu za kwanza zilikuwa hivi:

```
10:15 Ishara ya kununua EURUSD, oda imetumwa
10:15 Ishara ya kununua EURUSD, oda imetumwa
```

Siku hiyo taarifa ya akaunti ilionyesha manunuzi mawili badala ya moja, yaani yuro 20,000 kwenye akaunti iliyopangiwa kubeba 10,000. Mistari ile miwili haikunisaidia hata kidogo. Je, programu iliamua mara mbili, au iliamua mara moja ikatuma mara mbili? Bei iliyoonekana wakati huo ilikuwa ipi? Nilibishana na broka siku mbili nikiamini kwamba kosa ni lake, naye akasisitiza kwamba alipokea oda mbili tofauti. Alikuwa sahihi, lakini faili langu halikuwa na uwezo wa kuniambia hivyo.

Kumbukumbu zenye muundo hugawa tukio katika sehemu zenye majina: muda, aina ya tukio, jozi, bei, matokeo. Njia ya kawaida ni kuandika rekodi moja ya JSON kwa kila mstari, katika faili lenye kiambishi `.jsonl`. Faili hilo husomeka kwa macho, na pia huweza kuulizwa maswali na programu nyingine bila mtu kuanza kubahatisha neno gani liko wapi katika sentensi.

Rekodi moja ya uamuzi inapaswa kuwa na nini?

Inapaswa kuwa na kila kitu ambacho kanuni ilikitazama, jibu ambalo kanuni ilitoa, na utambulisho wa kanuni yenyewe. Huu hapa mfano wenye tarakimu za kubuni. Katika faili halisi yote haya hukaa kwenye mstari mmoja. Yamevunjwa ili yasomeke.

```json
{"ts":"2025-03-11T07:15:01.188Z","seq":48213,
 "event":"decision","did":"d-7f3c","sym":"EURUSD",
 "bar_end":"2025-03-11T07:15:00Z","bar_closed":true,
 "bid":"1.08712","ask":"1.08724",
 "ma20":"1.08655","ma50":"1.08649",
 "pos_before":"0","rule":"cross_up",
 "action":"buy","qty":"10000",
 "ver":"9b41e07","cfg":"c2d8aa"}
```

Sehemu ya `did` ni utambulisho wa uamuzi huu mmoja, nayo itarudiwa katika kila rekodi itakayozaliwa na uamuzi huu. Sehemu ya `seq` ni namba inayoongezeka kwa moja kila rekodi inapoandikwa, hivyo ukiona 48213 ikifuatiwa na 48215, unajua kuna rekodi iliyopotea. Sehemu ya `pos_before` inasema akaunti ilikuwa imebeba kiasi gani kabla ya uamuzi. Hiyo ndiyo ambayo watu wengi huisahau, kwa kuwa wao wanaijua kichwani siku ile wanapoandika programu. Mkaguzi haijui, na bila yeye kuijua hawezi kusema kama ununuzi uliruhusiwa na kikomo cha akaunti.

Je, niandike pia pale programu inapoamua kutofanya lolote?

Ndiyo, na kwa ukamilifu uleule. Swali gumu zaidi ambalo nimewahi kuulizwa na mtu aliyeweka fedha zake kwenye akaunti halikuwa kwa nini tulinunua, bali kwa nini Jumanne nzima hatukununua ilhali bei ilipanda. Ukiwa na rekodi za oda peke yake, siku ya kimya huweza kumaanisha kwamba kanuni haikutimia, kwamba kikomo cha hatari kilizuia, kwamba data haikufika, au kwamba programu ilikuwa imekufa tangu saa mbili asubuhi. Hali hizo nne hazifanani, lakini faili tupu huzionyesha kwa sura moja.

Kwa hiyo kila kendo inapofungwa, iandikwe rekodi moja ya uamuzi hata kama `action` ni `none`, pamoja na sehemu ya `reason` yenye neno kutoka katika orodha fupi iliyokubaliwa mapema, kwa mfano `no_cross`, `risk_limit`, `spread_wide` au `stale_data`. Maneno hayo yasitungwe papo kwa papo. Ukiandika leo `spread_wide` na kesho `wide_spread`, hesabu ya sababu za mwezi mzima itakuwa ya uongo, na hakuna kitakachopiga kelele kukuonya.

Uamuzi unaunganishwaje na oda, na oda na majibu ya broka?

Hapa ndipo palipokuwa na kosa langu, kwa hiyo nitalieleza hatua kwa hatua. Baada ya kubadilisha kumbukumbu, niliirudisha hali ileile kwenye akaunti ya majaribio na kuisoma kwa amri hii:

```
jq -c 'select(.did=="d-7f3c")' 2025-03-11.jsonl
```

Amri hiyo hutoa rekodi zote za uamuzi mmoja kwa mfuatano. Ya kwanza ilikuwa `decision`, saa 07:15:01.188. Ya pili ilikuwa `order_intent`, nia ya kutuma oda, iliyoandikwa kabla oda haijaondoka kwenye kompyuta. Ya tatu, saa 07:15:06.207, ilikuwa `error`: sekunde tano za kusubiri jibu zilikwisha. Ya nne ilikuwa `order_intent` nyingine, yenye `did` ileile lakini utambulisho mpya wa oda. Ya tano ikawa jibu la broka kwa oda ya pili, na ya sita, iliyokuja mwisho kabisa, ikawa taarifa kwamba oda ya kwanza nayo ilikuwa imetekelezwa.

Kwa rekodi sita jambo zima likawa wazi. Programu iliamua mara moja. Oda ya kwanza ilifika kwa broka na kutekelezwa, ila jibu lake lilichelewa njiani, na msimbo wangu ukachukulia ukimya kuwa ni kukataliwa, ukatuma tena kwa jina jipya. Kwa macho ya broka hizo ni oda mbili halali.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, utambulisho wa oda unaotoka upande wako uzaliwe na uamuzi, kwa mfano `d-7f3c-open`, na usibadilike hata ukituma tena mara kumi. Katika FIX, itifaki ya kutumiana oda na mabroka, utambulisho huu hukaa kwenye tagi namba 11, `ClOrdID`, wakati ule unaotolewa na upande wa pili hukaa kwenye tagi 37, `OrderID`. Andika yote miwili, kwa kuwa wa kwanza unaunganisha na faili lako na wa pili unaunganisha na taarifa ya akaunti. Pili, usitegemee kwamba kurudia utambulisho kutazuia oda ya pili kila mahali. Soko la sarafu za kidijitali la Binance, kwa mfano, hudai `newClientOrderId` iwe ya pekee miongoni mwa oda zilizo wazi tu, kwa hiyo oda ya bei ya soko iliyokwisha kutekelezwa haizuii nyingine yenye jina lilelile. Muda wa kusubiri ukiisha, programu iulize kwanza hali ya oda kwa utambulisho wake, iandike jibu la swali hilo, ndipo iamue kutuma tena au kuacha.

Kwa nini bei zimewekwa ndani ya alama za nukuu kana kwamba ni maneno?

Kwa sababu namba za desimali za kawaida katika kompyuta hazihifadhi sehemu za kumi kwa usahihi. Katika Python, `0.1 + 0.2` hutoa `0.30000000000000004`. Bei ikiandikwa kama maandishi hubaki vilevile broka alivyoituma, hadi sifuri ya mwisho. Kuna mtego mwingine mdogo: wastani wa kendo 50 hauwezi kupatikana kabla kendo 50 hazijafika, na namba hiyo ikiachwa nje ya alama za nukuu Python huandika `NaN` mahali hapo, neno ambalo si JSON halali na wasomaji wengi wa JSON hulikataa. Tumia `allow_nan=False` ili kosa lijitokeze wakati wa kuandika, si wakati wa kukagua.

Nitumie saa ya wapi?

UTC, daima, na herufi `Z` mwishoni ionekane. Ile 10:15 ya kumbukumbu zangu za zamani ilikuwa saa ya Dar es Salaam, na mtu aliyenisaidia kuisoma alidhani ni saa ya seva ya broka. Sisi tuna mtego wa ziada, kwa sababu «saa nne na robo» ya mazungumzo ni 10:15 ya kompyuta, na nimeona maelezo ya tukio yaliyoandikwa 4:15 na mtu mwangalifu kabisa. Tena, soko la hisa la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, yaani 9:30, kwa saa yao, ambayo kwetu ni 16:30 katika majira yao ya kiangazi na 17:30 katika majira ya baridi. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. UTC huondoa mjadala huo wote.

Andika muda mara mbili pale inapowezekana: ule ambao bei ilitolewa na broka, na ule ambao programu yako iliipokea. Tofauti ikizidi sekunde kadhaa, umenunua kwa bei ya zamani. Kupima muda uliopita kati ya hatua mbili, tumia saa isiyorudi nyuma, `time.monotonic_ns()`, maana saa ya ukutani huweza kurudishwa nyuma inapolinganishwa na seva za muda, na hapo jibu huonekana limefika kabla ya swali.

Kwa kendo za dakika 15, saa iliyokosea kwa milisekunde 20 haileti neno. Ulaya, kwa wanachama wa masoko walio chini ya kanuni za MiFID II zilizoanza kutumika Januari 2018, saa za wanaofanya biashara ya kasi kubwa haziruhusiwi kupishana na UTC kwa zaidi ya maikrosekunde 100.

Je, kuna haja kweli ya kuandika toleo la msimbo katika kila rekodi?

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kampuni ya Knight Capital ya Marekani, tarehe 1 Agosti 2012. Kwa mujibu wa Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya nchi hiyo, msimbo mpya uliwekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilibaki na kipande cha zamani kilichoitwa Power Peg, na alama iliyokuwa ikikiwasha enzi hizo ilikuwa imepewa kazi mpya. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ikaanza kutuma oda bila kikomo. Katika dakika kama 45, oda 212 za wateja zilizaa biashara zaidi ya milioni 4 katika hisa za makampuni 154, na hasara ikapita dola milioni 460.

Mambo mawili ya kisa hicho yanatuhusu. Kabla ya soko kufunguliwa mfumo ulituma barua pepe 97 za ndani zilizotaja Power Peg na kosa lake, lakini hazikuundwa kuwa tahadhari na hakuna aliyezifanyia kazi. Halafu, wakitafuta tiba, mafundi waliondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba nzuri, na tatizo likaenea kwenye zote. Kama kila oda ingebeba jina la seva na toleo la msimbo lililoizaa, kupanga oda kwa toleo kungeonyesha kwamba zote mbaya zinatoka mahali pamoja. Hiyo ni tafsiri yangu, si maneno ya Tume, lakini ndiyo iliyonifanya niweke `ver`, ambayo ni mwanzo wa namba ya komiti ya Git, katika kila mstari badala ya mara moja programu inapoanza. Sehemu ya `cfg` ni hashi ya faili la mipangilio, kwa kuwa mtu akibadilisha 20 kuwa 10 kwenye mipangilio, msimbo haubadiliki na Git haina la kusema.

Umeme ukikatika, rekodi ya mwisho itakuwepo?

Inategemea umeiandikaje. Kuita `write` huiweka rekodi kwenye kumbukumbu ya muda ya programu; `flush` huikabidhi kwa mfumo endeshi, hivyo programu ikianguka rekodi husalimika; ila kompyuta nzima ikizimika, unahitaji `fsync`, inayoamuru data ishuke hadi kwenye diski.

```python
def andika(f, rec):
    f.write(json.dumps(rec, sort_keys=True,
                       allow_nan=False) + "\n")
    f.flush()
    os.fsync(f.fileno())
```

Hatua ya tatu huchukua milisekunde chache kwenye diski za kawaida. Kwa programu inayoamua kila robo saa hiyo si gharama. Muhimu ni mpangilio: `order_intent` ishuke diskini kabla oda haijatumwa. Programu ikiwaka upya na kukuta nia isiyo na jibu, inajua pa kuanzia, yaani kumuuliza broka. Ukiandika baada ya kutuma, kuna ufa mwembamba ambamo oda ipo sokoni na hakuna mahali popote kwako panaposema hivyo.

Mkaguzi atajuaje kwamba sikuibadilisha rekodi baadaye?

Weka katika kila rekodi sehemu ya `prev` yenye hashi ya SHA-256 ya mstari uliotangulia. Mtu akibadilisha bei moja ya wiki iliyopita, hashi ya mstari huo haitalingana tena na ile iliyohifadhiwa kwenye mstari unaofuata, na mnyororo unakatika pale pale alipogusa.

Mnyororo huo una mpaka ambao mara nyingi hausemwi. Mwenye faili lote anaweza kubadilisha mstari kisha akakokotoa upya hashi zote hadi mwisho, na faili likaonekana safi. Kwa hiyo kila jioni hashi ya mwisho ya siku itoke nje ya mikono yako: itume kwa barua pepe kwa mhasibu au kwa mwenye fedha. Ni herufi 64 tu. Yeye hahitaji kuielewa, anahitaji kuwa nayo.

Nitajuaje kwamba kumbukumbu zangu zinatosha?

Jaribu kuurudia uamuzi. Chukua rekodi moja ya mwezi uliopita, rudisha msimbo wa toleo lililotajwa na mipangilio yake, ingiza data ile, na uone kama jibu ni lilelile. Jaribio hili linadai kwamba sehemu inayoamua isisome saa wala mtandao yenyewe. Ipewe kila kitu mkononi na irudishe jibu. Linadai pia kwamba kendo 50 zilizotumika zimehifadhiwa jinsi zilivyopokelewa, katika faili la pembeni, kwa kuwa ukizipakua upya kwa broka baada ya mwezi, baadhi zinaweza kuwa zimesahihishwa.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza kwa wiki moja ya data, maamuzi machache hayakurudi. Rekodi ilisema wastani ulivuka. Marudio yalisema haukuvuka. Yote yalikuwa na dalili moja: muda ambao bei ilitolewa na broka ulikuwa sekunde chache kabla ya `bar_end`. Saa ya seva yangu ilikuwa imetangulia ya broka, kwa hiyo programu iliamka mapema na kusoma kendo ambayo bado ilikuwa wazi, na bei yake ya mwisho ikabadilika baada ya uamuzi. Sehemu ya `bar_closed` ilizaliwa siku hiyo. Isiwe ni dhana ya programu yako; itokane na muda wa broka, na ikiwa `false`, uamuzi uwe `none`.

Kuna vitu visivyopaswa kuandikwa?

Funguo za siri za akaunti, sahihi za maombi na nywila. Hatari kubwa ni pale unapoandika ombi lote kama lilivyotumwa, pamoja na vichwa vyake, ukidhani unamsaidia mkaguzi. Chagua sehemu za kuandika kwa majina. Usiandike kila kitu kisha ujaribu kuficha baadhi.

Faili litakuwa kubwa kiasi gani?

Dogo kuliko watu wanavyohofia. Kendo za dakika 15 ni 96 kwa siku, na rekodi moja ni kama baiti 500, hivyo jozi moja hutumia karibu kilobaiti 48 kwa siku. Jozi kumi kwa siku 260 za biashara ni megabaiti 125 hivi kwa mwaka, na faili hilo likibanwa hupungua sana. Fungua faili jipya kila siku ya UTC na usifute la zamani.

Programu ifanye nini ikishindwa kuandika, kwa mfano diski ikijaa?

Isifungue biashara mpya. Ikiwa `andika` itarudisha kosa kama `No space left on device`, nia haikuandikwa, na oda isiyo na nia iliyoandikwa haipaswi kuondoka. Wengine hulifunika kosa hilo ili biashara isisimame, na hapo ndipo faili huishia katikati ya siku ilhali akaunti inaendelea kusogea.

Kufunga biashara iliyo wazi ni jambo tofauti. Kumwacha mtu amebeba yuro 10,000 bila njia ya kutoka kwa sababu ya diski ni adhabu isiyolingana na kosa. Mimi nimeruhusu oda za kufunga zipite, kwa sharti kwamba kikomo cha hasara kiwe tayari kimewekwa kwa broka tangu biashara ilipofunguliwa, na kwamba programu ijaribu kuandika rekodi hiyo kwenye diski ya pili na kunipigia simu. Namba za `seq` zitaonyesha pengo, na kuhusu pengo hilo naandika kwa mkono rekodi ya aina ya `manual_note` inayotaja oda za broka kwa tagi 37 zake, bila kuzijaza namba zilizokosekana.